Karatasi Iliyosema Mtoto Amekonda: Namna ya Kusoma BMI ya Mtoto kwa Umri Wake

Wifi yangu alinitembelea nyumbani Jumapili moja jioni, akiwa na mwanawe aliyekuwa ametimiza miaka tisa wiki hiyo. Suruali ya shule ya kijana ilikuwa imefungwa kwa pini kiunoni kwa sababu kifungo hakikufika tena kwenye tundu lake, ingawa ilinunuliwa mwanzoni mwa muhula. Alipoketi, wifi alitoa mkobani karatasi ndogo kama risiti ya dukani, ambayo wino wake ulikuwa umeanza kufifia. Aliipata mwaka mmoja uliotangulia katikati ya jiji, kwa mtu wa mzani ambaye humpima mpita njia uzito na kimo kwa shilingi chache na kumpa majibu yaliyochapishwa. Karatasi ilisema kwamba kijana, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa na kilo 24, kimo cha sentimita 124 na BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na kimo, ya 15.6. Chini yake palikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya uzito pungufu.

Kwa mwaka mzima nyumba ile iliishi kwa neno hilo. Uji wa asubuhi uliongezwa siagi na sukari, soda ikawa ya kila siku, chipsi zikanunuliwa jioni baada ya shule, na kijana aliposema ameshiba aliambiwa amalize kwa sababu amekonda. Wifi hakufanya hivyo kwa uzembe. Alifanya kile ambacho mzazi mwema angefanya baada ya kuambiwa kwamba mtoto wake amepungukiwa.

Mimi ni afisa wa lishe, na kazi yangu ya kila siku katika kituo cha afya hapa Nairobi ni kupima watoto. Ninaandika haya kwa sababu kosa lililokuwa kwenye karatasi ile ninakutana nalo mara nyingi, na mzazi anaweza kuligundua mwenyewe akishajua mambo machache.

Hesabu yenyewe ya karatasi ilikuwa sahihi. BMI hupatikana kwa kugawanya uzito wa kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kimo cha mita 1.24 mara 1.24 ni 1.5376, na kilo 24 zikigawanywa kwa 1.5376 jibu ni 15.6. Kosa lilikuwa kwenye neno. Mashine ilipata 15.6, ikailinganisha na mpaka wa 18.5 ambao ni wa watu wazima, na kwa kuwa 15.6 iko chini ya 18.5 ikaamua kwamba huyu amekonda. Haikuuliza umri wala jinsia. Kwa mtu wa miaka 30 jibu hilo lingefaa, lakini kwa mtoto wa miaka minane halina maana yoyote.

Sababu yake ni kwamba BMI ya mtoto haisimami mahali pamoja anapokua. Hupanda katika mwaka wa kwanza, mtoto anaponenepa mashavu na mapaja. Kisha hushuka polepole anaporefuka na kuanza kukimbia, hadi inafika chini kabisa karibu na miaka mitano au sita, umri ambao mama wengi hulalamika kwamba mbavu za mtoto zinaonekana. Kuanzia hapo hupanda tena mwaka hadi mwaka hadi utu uzima. Wavulana na wasichana nao hawapandi kwa mwendo mmoja, hasa wanapobalehe. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: BMI ya 15.6 iko wapi miongoni mwa wavulana wa miaka minane?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 chati za umri wa miaka 5 hadi 19, zinazojibu swali hilo kwa kila mwezi wa umri, za wavulana peke yake na za wasichana peke yake. Katika chati ya wavulana, kwenye miaka minane kamili, namba ya katikati ni 15.7. Kijana wa kaka yangu alikuwa na 15.6. Mtoto aliyeambiwa amekonda alikuwa karibu katikati kabisa ya wenzake.

Mahali pa mtoto kwenye chati hizo huandikwa kwa njia mbili, na zote mbili husema jambo lilelile kwa lugha tofauti. Ya kwanza ni pasentaili. Wapange wavulana mia moja wa miaka minane kwa mstari, kuanzia mwenye BMI ndogo hadi mwenye BMI kubwa, kisha uhesabu wangapi wako nyuma ya mtoto wako. Kijana huyu alikuwa kwenye pasentaili ya 46, maana yake ni kwamba karibu watoto 46 kati ya mia wana BMI ndogo kuliko yake na waliobaki wana kubwa zaidi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sisi tumelelewa na mitihani. Nikimwambia mzazi kwamba mtoto wake ana pasentaili ya 46, uso humbadilika kana kwamba mtoto ameanguka. Nikimwambia mwingine kwamba wake ana 90, hutabasamu. Pasentaili si maksi. Hakuna anayepaswa kulenga mia, na 50 si alama ya kupita. Mtoto mwenye 20 aliyekuwa na 20 mwaka jana na mwaka juzi huenda anakua vizuri kabisa kwa umbo alilorithi, ilhali mwenye 90 aliyekuwa na 46 mwaka jana ndiye ninayetaka kumtazama kwa karibu.

Njia ya pili ni alama z, na ndiyo tunayoitumia zaidi vituoni. Badala ya kuhesabu watu kwenye mstari, alama z huhesabu hatua ambazo mtoto amesimama mbali na katikati. Aliye katikati kabisa ana sifuri. Aliye juu ya katikati ana alama ya kujumlisha, na aliye chini ana ya kutoa. Kijana wetu akiwa na miaka minane alikuwa na alama z ya karibu −0.1, yaani hata hatua moja hakuwa ameitoka katikati. Hatua moja juu, +1, ni sawa na pasentaili ya 84. Hatua mbili juu, +2, ni kama pasentaili ya 98, na hatua mbili chini, −2, ni kama ya 2.

Mzazi anaweza kuuliza hatua moja ni kubwa kiasi gani, na jibu lake linafundisha jambo. Tuchukue wavulana wa miaka tisa kamili, umri wa kijana siku ile alipokuja kwangu. Katikati ni 16.0. Kushuka hadi −1 ni kufika 14.6, tofauti ya 1.4. Kupanda hadi +1 ni kufika 17.9, tofauti ya 1.9. Kutoka hapo hadi +2, ambayo ni 20.5, kuna 2.6, na hadi +3, ambayo ni 24.3, kuna 3.8. Hatua za juu zinazidi kurefuka na za chini zinazidi kufupika, kwa kuwa mwili unaweza kuongezeka sana lakini hauwezi kupungua sana bila hatari. Ndiyo sababu kupungua kwa BMI ya nukta chache kwa mtoto mwembamba kunanitia wasiwasi mapema kuliko ongezeko la kiasi hichohicho kwa mtoto mnene.

Alama z ina faida nyingine kwa watoto walio mbali na katikati. Kwenye +3 pasentaili ni 99.9. Mtoto akiendelea kunenepa mwaka mzima bado pasentaili yake itasomeka tisini na tisa na nukta, na mzazi ataona kama hakuna kilichobadilika. Hatua zinaendelea kuhesabika hata pale ambapo mstari wa watoto mia umekwisha.

Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa miaka 5 hadi 19 ni hii: juu ya +1 mtoto ana uzito uliozidi, juu ya +2 ana unene wa kupindukia, chini ya −2 amekonda, na chini ya −3 amekonda vibaya. Mipaka hiyo haikuwekwa kwa kubahatisha. Ukiifuata chati hadi miaka 19, +1 inafika 25.4 kwa wavulana na 25.0 kwa wasichana, na +2 inafika 29.7 kwa wote wawili, hivyo inaungana na mipaka ya watu wazima, 25 ya uzito uliozidi na 30 ya unene wa kupindukia, bila kuruka. Kwa walio chini ya miaka mitano mipaka ni mingine: uzito uliozidi huanza baada ya +2, si +1. Mtoto mwenye +1.5 mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka mitano, na +1.5 ileile mwezi mmoja baadaye, anaweza kubadilishiwa jina ilhali mwili haukubadilika. Mzazi asishtuke, kilichobadilika ni mpaka.

Mwulize pia anayekupa majibu ametumia chati ipi. Vikokotoo vingi vya mtandaoni hutumia chati za Marekani za mwaka 2000, ambazo huita uzito uliozidi kuanzia pasentaili ya 85 na unene wa kupindukia kuanzia ya 95, na zimetokana na watoto wengine. Mtoto mmoja anaweza kupata majibu mawili siku moja, na hakuna aliyedanganya. Chagua chati moja ubaki nayo miaka yote.

Wengine hutuuliza kama ni haki kumpima mtoto wa Nairobi kwa chati iliyotengenezwa ng'ambo. Ni swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili. Chati za walio chini ya miaka mitano, za mwaka 2006, zilitokana na watoto waliofuatiliwa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, wote wakiwa wamelelewa katika mazingira mazuri, na walikua kwa namna iliyofanana sana. Hizo zinaonyesha jinsi mtoto anavyopaswa kukua. Chati za miaka 5 hadi 19 zilijengwa upya kutokana na takwimu za zamani za watoto wa Marekani, zikaunganishwa vizuri na zile za 2006 pale kwenye miaka mitano. Hizi ni kipimo cha kulinganishia zaidi kuliko amri. Ninazitumia kila siku na ninaziamini kwa kazi ya kuchuja, lakini sitamhukumu mtoto kwa sababu amevuka mstari kwa nukta moja.

Turudi kwa kijana. Nilimpeleka kituoni Jumatatu baada ya shule, kwa kuwa sikutaka kutegemea vipimo vya nyumbani. Alivua viatu na sweta, akatoa vitu mifukoni, akapanda mzani. Kilo 31.5. Kisha nilimsimamisha kwenye ubao wa kupimia kimo, visigino, makalio na mabega vikigusa ubao, macho yakitazama mbele sawasawa, nikashusha kibao hadi kikagusa kichwa. Sentimita 130. Nilimshusha nikampima tena, ikawa 130 tena.

Hapo kwenye kimo ndipo vipimo vingi vinapoharibika, kwa sababu kimo huzidishwa kwa chenyewe na kosa nalo hukua. Kwa sentimita 130 BMI yake ni 18.6. Kama angepimwa na viatu vya shule vyenye soli ya sentimita mbili, ingesomeka 132 na BMI ingekuwa 18.1. Kama angekunja magoti kidogo ikasomeka 128, BMI ingekuwa 19.2. Kwa alama z, hiyo ni tofauti ya kutoka karibu +1.1 hadi karibu +1.6, na mtoto ni yuleyule, siku ileile. Kwa wasichana, nywele zilizosukwa na kufungwa juu hufanya kazi ileile ya viatu. Tafadhali zifumueni au mziache chini siku ya kupima. Umri nao uandikwe kwa miaka na miezi kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa. “Anaelekea tisa” si umri ambao chati inaweza kusoma.

Kwenye miaka tisa kamili, BMI ya 18.6 imepita 17.9 lakini haijafika 20.5. Alama z yake ni +1.3, pasentaili kama ya 90. Kwa jina la chati ana uzito uliozidi. Lakini jina silo nililomwonyesha wifi kwanza. Nilichukua chati, nikaweka nukta ya mwaka uliopita, karibu juu ya mstari wa katikati, na nukta ya sasa juu ya mstari wa +1, kisha nikaziunganisha kwa penseli. Mistari ya chati hupanda kwa mteremko mdogo. Mstari wetu ulikuwa umesimama kama ngazi.

Wifi aliuangalia kwa muda, akauliza, “Wifi, kwani hakutakiwa kuongezeka kabisa?”

Alitakiwa. Kama angebaki kwenye mstari wake wa zamani, kwa kimo cha sentimita 130 BMI yake ingekuwa karibu 15.9, yaani kilo 27 hivi. Kutoka kilo 24 hilo ni ongezeko la kilo tatu, la kawaida kabisa. Yeye aliongeza saba na nusu. Zile nne na nusu zilizobaki ndizo zilizotoka kwenye soda, siagi, chipsi na sahani alizolazimishwa kumaliza.

Ningependa mzazi akumbuke kipimo hicho kuliko mipaka. Mtoto anayetoka −0.1 hadi +1.3 ndani ya mwaka mmoja ana jambo la kuulizwa, hata kama hangekuwa amevuka mstari wowote wenye jina. Vivyo hivyo kwa kushuka: mtoto aliyekuwa +0.5 akawa −1.2 bado yuko ndani ya mipaka, lakini kuna kitu kimetokea, labda ugonjwa, labda chakula kimepungua nyumbani, labda msichana wa miaka 14 ameanza kujinyima. Na mtoto anayekonda ghafla huku akinywa maji mengi na kukojoa sana apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa maana hiyo huweza kuwa kisukari na haisubiri chati.

Kosa la mpaka wa watu wazima lina upande wake wa pili, na kwa maoni yangu ndio mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Msichana wa miaka saba mwenye kilo 28.8 na kimo cha sentimita 120 ana BMI ya 20.0. Mashine ya barabarani itamwandika kuwa sawa kabisa, kwa kuwa 20 iko kati ya 18.5 na 25. Kwenye chati ya wasichana wa miaka saba +2 ni 19.8. Mtoto huyo ana unene wa kupindukia, na mama yake amerudi nyumbani na karatasi inayompongeza.

Yapo mambo ambayo BMI kwa umri haiwezi kuyaona. Haitofautishi mafuta na misuli. Haijui kama msichana wa miaka kumi amebalehe mapema kuliko wenzake, jambo linaloweza kuipandisha. Tena haioni udumavu. Mtoto aliyedumaa kwa miaka mingi anaweza kuwa mfupi na mwepisi kwa pamoja, BMI yake ikasomeka vizuri, nasi tukamwambia mama kwamba yuko salama. Kwa hiyo kimo kwa umri kisomwe pia, kwenye chati yake. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina chati za kukua hadi miaka mitano, na kwa wengi wetu kitabu hicho hufungwa kabatini chanjo zikikwisha. Kukua hakukwishi hapo. Vipimo viwili kwa mwaka, vilivyochukuliwa kwa njia moja na kuandikwa pamoja na tarehe, vinatosha kwa mtoto mwenye afya. Anayetaka kuhesabu mwenyewe anaweza kutumia programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani iitwayo WHO AnthroPlus. Huingiza jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupima, uzito na kimo, nayo hutoa alama z na pasentaili.

Kwa kijana sikupendekeza apunguze uzito. Mtoto wa miaka tisa aliye na +1.3 bado anarefuka, na kimo kikipanda huku uzito ukienda polepole, BMI hushuka yenyewe. Kumnyima chakula kungehatarisha kimo hichohicho tunachokitegemea. Tulikubaliana soda ikome nyumbani, siagi na sukari ziondolewe kwenye uji, chipsi ziwe za siku moja moja, na neno “maliza” lisitamkwe tena mezani. Githeri, sukuma wiki, ugali, maharagwe na matunda vilibaki kama vya watu wengine nyumbani. Niliomba pia asiitwe mnene, kama vile ambavyo hakustahili kuitwa aliyekonda mwaka uliotangulia.

Alipotimiza miaka kumi nilimpima tena, kwenye mzani uleule na ubao uleule. Kimo kilikuwa sentimita 135.5, uzito kilo 32.5. Alikuwa ameongeza kilo moja tu kwa mwaka na sentimita tano na nusu. BMI ilikuwa 17.7, na kwenye umri huo katikati ni 16.4 na +1 ni 18.5. Alama z ilikuwa karibu +0.65, pasentaili kama ya 74. Wifi aliichukua penseli akaweka nukta ya tatu mwenyewe, kisha akaibana ile karatasi ya zamani nyuma ya chati, ingawa wino wake haukuweza kusomeka tena.